Cheti rahisi cha uasili: tangazo linasema nini?

Tangazo la Kiingereza kuhusu cheti rahisi cha uasili wa bidhaa huwachanganya wengi mipakani. Kwa Kiswahili chepesi ni hivi: kama mzigo wako hauzidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, umezalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na umo katika orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, hulipi ushuru wa forodha. Cheti hutolewa na ofisa wa forodha hapo hapo mpakani.

Neno linalowaponza wafanyabiashara ni "uasili". Tuseme mama anatoka Uganda kuingia Kenya kupitia Busia, ana maharage ya dola 600 na viatu vya dola 300. Maharage yamelimwa Uganda, yanapata cheti. Viatu vimetengenezwa China, havipati, hata kama risiti ni ya Kampala. Forodha huangalia bidhaa ilikotengenezwa, si duka ulikonunua.

Tena msamaha huu ni wa ushuru wa forodha tu. Kodi nyingine, kama ile ya ongezeko la thamani, hazifutwi na cheti hiki. Na maharage yale bado yanahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka Uganda. Bila hicho mzigo unaweza kuzuiwa.