Kabla Nyundo ya Dalali Haijagonga

Mtu akikopa nchini Kenya na kuweka hati miliki ya nyumba yake benki, nyumba inabaki kuwa yake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inasema rehani ni dhamana ya deni tu, haihamishi umiliki. Lakini sheria hiyo hiyo inampa mkopeshaji uwezo ambao wakopaji wengi hawaujui mpaka wauone ukitumika: anaweza kuiuza nyumba hiyo bila kumshtaki mwenyewe wala kusubiri hukumu ya hakimu. Kinachomkinga mkopaji ni mlolongo wa notisi ambao mkopeshaji hana ruhusa ya kuuruka, na karibu kila kinga yenye uzito iko kabla ya mnada. Baada ya mnada hubaki kidogo sana.

Tuchukue mfano. Mwalimu mmoja ana nyumba Kitengela yenye thamani ya shilingi milioni 8 sokoni, na bado anadaiwa milioni 4. Awamu yake ya tarehe 5 Januari haikulipwa. Benki haiwezi kumwandikia notisi ya kisheria siku inayofuata, kwa sababu kifungu cha 90 kinataka deni liwe limekaa bila kulipwa kwa mwezi mmoja. Kwa hiyo notisi ya kwanza inamfikia, tuseme, tarehe 10 Februari.

Notisi hiyo ndiyo msingi wa yote yanayofuata, na ndiyo inayofaa kusomwa kwa makini kuliko karatasi nyingine yoyote. Ni lazima ieleze kosa ni lipi na ni kubwa kiasi gani, itaje kiasi cha kulipwa, na impe mkopaji muda usiopungua miezi mitatu. Ni lazima pia imwambie kitakachofuata asipolipa, na kwamba ana haki ya kwenda mahakamani kuomba nafuu. Barua ya kawaida ya kumhimiza mteja alipe malimbikizo yake, hata iwe kali namna gani, haitoshi kuwa notisi hiyo. Ikikosa mambo hayo, au ikitoa siku 30 badala ya miezi mitatu, kila hatua inayojengwa juu yake inatikisika.

Kwa mwalimu wetu miezi mitatu inaisha tarehe 10 Mei. Asipolipa, benki inaweza kuchagua njia kadhaa: kumshtaki, kumteua msimamizi wa kukusanya mapato ya nyumba, kuipangisha, kuingia na kuishikilia au kuiuza. Ikichagua kuuza, kifungu cha 96 kinaitaka itoe notisi ya pili, ya kuuza, na isikamilishe mauzo yoyote mpaka siku 40 zipite tangu mkopaji aipokee. Ikimfikia tarehe 12 Mei, siku hizo zinaisha tarehe 21 Juni. Nakala ya notisi hii ni lazima iwafikie wengine pia: mdhamini, mwenye hisa katika mali hiyo, mpangaji, na mume au mke aliyetoa ridhaa.

Hapa pana jambo ambalo wanandoa wengi hawalijui. Nyumba ambayo familia inaishi haiwezi kuwekwa rehani kihalali bila saini au ridhaa iliyothibitishwa ya mwenzi anayeishi humo, hata kama jina lake halimo kwenye hati. Mke wa mwalimu akiwa hakuhusishwa mkopo ulipochukuliwa, pingamizi lake linagusa uhalali wa rehani yenyewe. Hilo ni zito kuliko kasoro ya notisi, kwa sababu notisi inaweza kutolewa upya.

Baada ya siku 40 kazi inaingia mikononi mwa dalali. Kanuni za Madalali za mwaka 1997 zinamtaka ampe mwenye nyumba notisi nyingine ya siku 45 ya kuikomboa mali yake. Akiitoa tarehe 23 Juni, inaisha tarehe 7 Agosti. Ndipo tangazo litoke gazetini, na mnada usifanyike kabla siku 14 hazijapita tangu tangazo la kwanza. Kwa mwalimu wetu, kwa tarehe hizo, nyundo haiwezi kugonga kihalali kabla ya siku za mwisho za Agosti. Hiyo ni zaidi ya miezi saba tangu awamu ya kwanza imshinde.

Miezi hiyo ni mali. Haki ya kulipa deni lote na kurudishiwa hati inaendelea mpaka mkataba wa mauzo ufungwe, na mahakama za Kenya zimeshikilia kwamba katika mnada haki hiyo hufa nyundo inapogonga. Kwa hiyo mwalimu anaweza kutafuta mnunuzi mwenyewe, kwa makubaliano na benki, akauza karibu na milioni 8, akalipa milioni 4 na gharama, akabaki na mtaji wa kuanza upya. Katika mnada hana nguvu yoyote juu ya bei.

Juu ya bei sheria haikukaa kimya. Kifungu cha 97 kinamtwika mkopeshaji wajibu wa kutafuta bei bora inayoweza kupatikana wakati huo, na kabla ya kuuza ni lazima nyumba ikaguliwe na mthamini. Ripoti ya thamani ikiwa na zaidi ya miezi 12, ina kasoro. Nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, yaani milioni 6 kushuka kwa mfano wetu, sheria inadhani kwamba mkopeshaji amevunja wajibu wake mpaka athibitishe vinginevyo, na mkopaji anaweza kuomba mauzo yafutwe. Bei iliyo juu kidogo ya hapo, kama milioni 6.3, haimsafishi mkopeshaji moja kwa moja.

Wengi hukimbilia mahakamani na hoja dhaifu kuliko zote: kwamba hesabu ya benki si sahihi. Ubishi juu ya kiasi cha deni peke yake kwa kawaida hauzuii mnada, maana mkopaji anakiri kwamba anadaiwa. Kuna kikomo, kweli. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki hakiruhusu riba ipite kiasi cha mkopo kilichokuwa kinadaiwa siku mkopo ulipoanza kuhesabiwa kuwa haulipwi. Lakini kinachowashawishi majaji kutoa amri ya kuzuia mnada ni notisi isiyofika, siku zisizotimia, ridhaa ya mwenzi iliyokosekana au ripoti ya thamani iliyopitwa na wakati. Hata hapo, mara nyingi benki huamriwa kuanza upya tu, na deni liko palepale.

Nyumba ikishauzwa, sheria inamkinga mnunuzi aliyenunua kwa nia njema. Mkopaji aliyedhulumiwa huachiwa hasa haki ya kudai fidia kwa mkopeshaji, huku mwingine akiishi ndani ya nyumba. Fedha za mauzo hulipa gharama, kisha deni, na ziada ni ya mkopaji. Zikipungua, bado anadaiwa.

Kwa hiyo barua ya benki ikifika, ifungue siku hiyo hiyo, andika juu yake tarehe uliyoipokea na uhifadhi bahasha yenye muhuri wa posta. Ukihama au ukibadili sanduku la posta, iarifu benki kwa maandishi. Nenda kwa wakili ukiwa na notisi ya kwanza mkononi, usisubiri tangazo la gazeti.