Mkono wa Mwisho: Utangulizi wa Ufuatiliaji wa Vifurushi Vilivyopotea

Mtu ambaye kifurushi chake hakijafika huuliza kiko wapi. Anayesomea ufuatiliaji huanza na swali jingine: nani alikishika mara ya mwisho, na kuna ushahidi gani kwamba alikishika? Jibu la swali hilo la pili ndilo linaloonyesha pa kutafuta, sheria ipi inahusika na fidia ni kiasi gani. Utangulizi huu unamkaribisha msomaji katika uwanja huu kwa kufuata kifurushi kimoja, tangu kilipochukuliwa hadi barua ya kudai uamuzi.

Tuchukue mfano. Fundi cherehani wa Mwanza ameagiza vipuri vya mashine za kushonea kutoka duka moja la Dubai. Boksi lina kilo 6, ankara inasema dola 740, na kampuni ya kusafirisha vifurushi imeahidi kulifikisha tarehe 9 Machi 2025. Rekodi ya ufuatiliaji inaonyesha hivi: tarehe 2 Machi taarifa za mzigo zimepokelewa, tarehe 3 umechukuliwa kwa mtumaji, tarehe 4 umeondoka Dubai, tarehe 5 umefika Dar es Salaam, tarehe 6 umeachiliwa na forodha, tarehe 7 umeondoka kwenda Mwanza. Baada ya hapo, kimya.

Kwa jicho la haraka, mzigo umepotea kati ya Dar es Salaam na Mwanza. Hapa ndipo ninapomwomba msomaji atulie kidogo, kwa sababu mistari hiyo sita haina uzito sawa.

Mstari wa kwanza si ushahidi kwamba kuna mtu aliyegusa boksi. Duka lilipojaza fomu na kuchapisha lebo, mfumo ulipokea taarifa, basi. Boksi lingeweza kubaki chini ya meza ya muuzaji wiki nzima huku rekodi ikionekana kuwa hai. Muuzaji anapomwambia mteja kwamba mzigo umeshatumwa kwa sababu namba imeshatolewa, namba hiyo inathibitisha lebo tu. Ushahidi huanza pale mfanyakazi wa kampuni anapopitisha kisomeo juu ya msimbo wa mistari uliobandikwa kwenye boksi lenyewe, na kwa mzigo wetu hilo lilitokea tarehe 3.

Mstari wa mwisho una tatizo la aina nyingine. Vifurushi vidogo havisafiri kimoja kimoja. Hutiwa kwenye mfuko au kreti, mfuko hupewa namba yake, na kuanzia hapo mara nyingi ni namba ya mfuko inayosomwa. Mfumo huandika tukio hilo kwenye kila kifurushi ambacho unaamini kimo ndani. Kama boksi letu liliachwa nje mfuko ulipofungwa, au lilidondoka baada ya orodha kuandaliwa, rekodi itaendelea kulisafirisha kwenye karatasi huku lenyewe limebaki lilipokuwa. Kwa hiyo ombi la kwanza kwa kampuni ni hili: nionyesheni matukio ambayo kifurushi chenyewe kilisomwa, na myatenganishe na yale yaliyorithiwa kutoka kwenye mfuko. Taarifa hiyo huwa haionyeshwi kwenye ukurasa wa mteja. Iko kwenye mfumo wa ndani, na anayeihitaji hana budi kuiomba kwa maneno hayo hayo.

Katika mfano wetu, tuseme jibu linarudi kwamba boksi lilisomwa lenyewe mara ya mwisho tarehe 6, katika ghala la kampuni pale uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, baada ya forodha kuliachilia. Tukio la tarehe 7 lilikuwa la mfuko. Basi hakuna haja ya kumsumbua wakala wa Mwanza. Msako unarudi kwenye ghala moja na zamu moja.

Lakini huko ghalani wanatafuta nini? Wengi hutuma namba ya ufuatiliaji na kungoja. Namba ile iko kwenye lebo, na sababu ya kawaida ya kifurushi kupotea ndani ya ghala ni lebo kuchanika, kulowa au kubanduka. Boksi lisilo na lebo hupelekwa kwenye stoo ya mizigo isiyo na mwenyewe, linafunguliwa, na kilichomo huandikwa. Kuanzia hapo hulipati kwa namba, unalipata kwa maelezo: boksi la kahawia, vipimo sentimita 40 kwa 40 kwa 28, utepe mwekundu pembeni, ndani kuna bobini, sindano na mota mbili zenye namba hizi. Maneno kama "vipuri" au "bidhaa mchanganyiko" hayamsaidii mtu aliyesimama mbele ya rafu iliyojaa maboksi. Picha iliyopigwa kabla ya kufunga ni bora kuliko aya tatu za malalamiko.

Sasa tugeukie fidia. Mzigo uliosafirishwa kwa ndege kutoka nchi moja hadi nyingine, ikiwa nchi zote mbili zimeridhia Mkataba wa Montreal wa 1999, huongozwa na mkataba huo. Tanzania na Falme za Kiarabu zote ni wanachama. Vifurushi vinavyopita kwenye mtandao wa posta za serikali vina kanuni zao chini ya Umoja wa Posta Duniani, na havihesabiwi humu. Ni vema kujua mapema mzigo wako umo kwenye mlango upi.

Mkataba wa Montreal huweka ukomo wa fidia kwa uzito. Tangu tarehe 28 Desemba 2024, ukomo ni SDR 26 kwa kila kilo. Kabla ya hapo ulikuwa 22. SDR ni kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa kinachotokana na sarafu kadhaa kubwa, na thamani yake hutangazwa kila siku ya kazi. Kwa kilo 6, ukomo ni SDR 156, yaani dola mia mbili na kitu. Fundi wetu amepoteza mali ya dola 740.

Pengo hilo huwaumiza watu, na nadhani wana haki ya kuumia, kwa sababu hakuna aliyewaeleza siku ya kutuma. Njia ya kuliziba ipo, ila inapita kabla mzigo haujaondoka: mtumaji hutangaza thamani maalumu kwa msafirishaji na kulipa nyongeza inayotakiwa, na hapo ukomo hupanda hadi kiasi kilichotangazwa. Thamani iliyoandikwa kwa ajili ya forodha peke yake haifanyi kazi hiyo. Na kuna desturi moja ninayoipinga bila kusita, ya kumwomba muuzaji aandike ankara ndogo ili ushuru upungue. Mbali na kuvunja sheria ya forodha, ankara hiyo ndiyo karatasi utakayoletewa siku ya kudai. Ukomo ni dari tu, na hasara lazima ithibitishwe. Mwenye ankara ya dola 50 atapata kazi kubwa kueleza kwa nini anadai 200.

Uzito nao usomwe kwa makini. Boksi la vipimo vile, likikokotolewa kwa ujazo kwa kugawanya na 5,000 kama zinavyofanya kampuni nyingi, hutozwa nauli ya kilo 9. Hizo 9 ni za bei. Fidia hufuata uzito wa kifurushi, nao kwenye mizani ulikuwa 6.

Hapa ndipo umuhimu wa mkono wa mwisho unapojitokeza. Mkataba humwajibisha msafirishaji kwa kipindi chote mzigo ulipokuwa chini ya uangalizi wake katika usafiri wa anga. Kampuni inaweza kujitetea kwamba hasara ilisababishwa na hatua ya mamlaka ya serikali katika kuingiza mzigo nchini, lakini rekodi yetu inaonyesha forodha iliachilia na ghala likausoma mzigo baada ya hapo. Utetezi huo umefungwa. Hata kama ungepotea barabarani kuelekea Mwanza, hasara katika safari ya nchi kavu inayofanywa kutimiza mkataba wa usafiri wa anga, kwa ajili ya kufikisha mzigo, huchukuliwa kuwa imetokea katika usafiri wa anga mpaka ithibitishwe vinginevyo. Wala kampuni haiwezi kujitoa kwa kusema ndege ilikuwa ya wengine, maana iliyofunga mkataba na mteja huwajibika kwa safari yote.

Zimebaki siku. Mzigo usipofika ndani ya siku 7 baada ya siku uliyopaswa kufika, au kampuni ikikiri umepotea, mpokeaji anaweza kudai haki zake zinazotokana na mkataba. Kwa fundi wetu, siku hizo zinaisha tarehe 16 Machi. Asingoje zaidi, kwa kuwa masharti ya baadhi ya kampuni hutaka dai liandikwe ndani ya siku 30 tangu kampuni ilipoupokea mzigo, na hutaka mtumaji ndiye aandike. Duka la Dubai na fundi wa Mwanza waandike pamoja, au duka limpe fundi barua ya kumruhusu.

Barua yenyewe iwe fupi. Kosa ninaloliona zaidi ni barua inayoomba "msaada wa kufuatilia". Ombi la namna hiyo hujibiwa "tunaendelea kufuatilia", na jibu hilo haliwezi kupingwa popote kwa sababu halijaamua kitu. Andika hivi:

"Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wateja. Namba ya ufuatiliaji ni hii, na hati ya usafirishaji nimeiambatanisha. Mzigo wa kilo 6 ulichukuliwa Dubai tarehe 3 Machi 2025 na ulipaswa kufika Mwanza tarehe 9 Machi. Kwa maelezo yenu, ulisomwa mara ya mwisho tarehe 6 Machi katika ghala lenu la uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, baada ya kuachiliwa na forodha. Siku 7 zimepita. Naambatanisha ankara, uthibitisho wa malipo, picha na maelezo ya vilivyomo. Nadai SDR 156 kwa mujibu wa Mkataba wa Montreal. Naomba uamuzi wa maandishi ifikapo tarehe 31 Machi: mnakubali dai, mnakubali sehemu yake, au mnalikataa, pamoja na sababu na kifungu mnachokitegemea."

Omba namba ya dai, ambayo ni tofauti na namba ya ufuatiliaji, na itaje katika kila mawasiliano yatakayofuata. Dai likikataliwa au uamuzi usipotoka, mteja wa Tanzania anaweza kupeleka malalamiko TCRA, inayotoa leseni kwa kampuni za vifurushi, akiwa na ushahidi kwamba alianza na kampuni yenyewe. Nchini Kenya, mamlaka husika ni Mamlaka ya Mawasiliano. Mahakamani, Mkataba unaruhusu shauri kufunguliwa katika nchi mzigo ulikokuwa unakwenda, hivyo fundi hana sababu ya kusafiri hadi Dubai. Muda wa kufungua shauri ni miaka 2 tangu siku mzigo ulipopaswa kufika. Mazungumzo ya simu na ahadi za mdomo zisichukuliwe kuwa zinausimamisha.

Kampuni ikikubali, italeta fomu ya kusaini kabla ya kulipa. Mara nyingi humo mna maneno kwamba malipo ni kamili na ya mwisho. Kabla ya kusaini, hakikisha kiasi kimeandikwa kwa sarafu utakayolipwa, tarehe ya kubadilisha SDR imetajwa, na fomu inasema ni nani atakayemiliki vipuri endapo boksi litaonekana kesho yake kwenye ile stoo.