Ndoo ya Sweta Hufungwa Alasiri

Juni baridi ilipoanza kuuma, nilivuta sanduku la bati lililokaa chini ya kitanda tangu mwaka uliotangulia. Sweta yangu ya sufu, ile ya rangi ya damu ya mzee niliyoiokota kwenye mitumba ya Toi, ilitoka na matundu saba na harufu ya chumba kilichofungwa. Nikamlaani panya, nikaipeleka kwa fundi wa nguo hapa Dagoretti Corner.

Fundi aliinyoosha mbele ya dirisha. "Dada, panya hana uvumilivu huu," akasema, akanionyesha kwa ncha ya sindano. Kandokando ya tundu kulikuwa na vijirija vyembamba kama utando wa buibui, na ndani yake chembe ndogo mfano wa mchanga, zenye rangi ileile ya sweta. Ni mavi ya kiwavi. Akila uzi mwekundu, anakunya nyekundu.

Nondo mwenyewe hali chochote. Ni mdogo, wa rangi ya majani makavu, na hukimbia mwanga, kwa hiyo wale wanaozunguka balbu usiku wanasingiziwa bure. Mla nguo ni mtoto wake, ambaye tumbo lake linaweza kuyeyusha keratini, ile protini ya sufu, nywele na manyoya. Huanzia kwenye kola na kwapa, palipobaki jasho. Sweta nyingi za shule ni za akriliki, na hizo hazimfai kitu. Ukitaka kujua yako ni ipi, chomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani, ushike kwa koleo na uuwashe. Sufu hunuka nywele zilizoungua na majivu yake husagika kwa vidole. Akriliki huyeyuka ikawa kishanga kigumu.

Naftalini sikuirudia. Mvuke wake unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu za mtoto mchanga mwenye upungufu wa G6PD, hali inayopatikana sana katika jamii za maeneo ya malaria, na nyumba yetu haikosi mtoto. Nilinunua vipande vya mtarakwa kwa seremala wa Ngong Road. Vinanukia vizuri, lakini harufu hiyo haimuui kiwavi aliyekwisha kukomaa.

Kosa langu kubwa, lililozaa ile harufu, lilikuwa la saa. Sweta niliifua Agosti, nikaianika, na jioni ilipoonekana kavu nikaifungia. Sufu ni mwongo: hunywa unyevu wa hewa bila kuonekana imelowa. Sweta ya nusu kilo hubeba takriban gramu 60 za maji hewa ikiwa kavu kiasi, na takriban 90 hewa ikiwa nzito kama ya asubuhi zetu za mawingu. Ukiifunga ikiwa hivyo, umefunga na maji, na sanduku likigusa sakafu baridi ukungu hupata makao.

Idara ya Hali ya Hewa ina makao yake makuu papa hapa Dagoretti Corner, lakini kwa kuchagua siku ya kufunga sweta kalenda ya ukutani inatosha. Baridi hulegea mwishoni mwa Agosti, na mvua za vuli huja Oktoba. Katikati ya hayo kuna Septemba, na hewa ya Nairobi huwa kavu zaidi alasiri.

Sasa naifua kwa maji ya uvuguvugu, naikunja ndani ya taulo na kuikamua kwa kuikandamiza bila kuisokota, kisha naitandaza kivulini. Ikishakauka naipima kwa mizani ya jikoni saa tisa alasiri, siku mbili tatu, mpaka uzito usishuke tena. Mitumba mipya huenda kwanza kwenye friza ya jirani anayeuza samaki, ndani ya mfuko wa zipu uliokamuliwa hewa, wiki nzima kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Kisanduku cha barafu cha friji ndogo hakifiki huko. Mfuko ukitoka haufunguliwi mpaka upoteze ubaridi wote, la sivyo umande utaingia kwenye sufu. Asiye na friza aipeleke juani, aigeuze na kusugua kila mshono kwa brashi. Mayai hung'oka, na viwavi huanguka. Njia hii ni dhaifu kuliko friza, kwa hiyo irudiwe baada ya wiki mbili.

Sanduku la bati nimeliacha, kwa kuwa kifuniko chake kina nafasi ya kupitisha nondo. Natumia ndoo ya mafuta ya kupikia yenye mfuniko wa kubana, iliyooshwa mpaka harufu ikaisha. Naifunga saa tisa alasiri, naiweka juu ya kabati lililoachana na ukuta wa nje kwa upana wa kiganja. Januari naifungua juani na kukagua mishono. Mwaka huu nilikuta mrija mmoja mtupu, wa kijivu, kwenye sweta ya mume wangu ambayo aliitumbukiza bila kuifua.