NYUMBA YENYE UMBO LA L: SAKAFU HUPUNGUA, UKUTA HAUPUNGUI

Nyanchwa ni kilima kilicho kando ya mji wa Kisii, mahali ambapo Wasabato wana misheni na chuo cha ualimu. Kama ilivyo katika sehemu nyingi za Gusii, ardhi ya huko ni ya mteremko, na mashamba yamegawanywa kati ya ndugu hata yakawa membamba. Mtu ajengaye hapo mara nyingi hana uwanja wa kuinyosha nyumba yake yote mbele ya barabara. Basi huweka sebule na vyumba vya kulala upande wa mbele, kisha huongeza mkono mmoja kwenda nyuma kwa ajili ya jiko na ghala. Nyumba ikitazamwa kutoka juu huonekana kama herufi L.

Umbo hilo ni zuri, lakini limewatia wengi hasara siku ya kununua saruji. Nyumba ya mstatili ina vipimo viwili tu, urefu na upana. Nyumba ya L ina pande sita, na asiyejua ni upande gani wa kuzidisha kwa upande gani huweza kuhesabu sakafu isiyokuwapo.

Msomaji na afikirie mfano huu. Mkulima wa Nyanchwa ataka nyumba ambayo mbele yake ni mita 12. Sehemu hiyo ya mbele ina kina cha mita 6. Kutoka upande wa kushoto unatoka mkono wa jiko kwenda nyuma, upana wake mita 4, nao wazidi sehemu ya mbele kwa mita 5. Vipimo hivyo vinne vyatosha kabisa, kwa sababu pande mbili zilizosalia zaweza kupatikana bila kupimwa. Upande wote wa kushoto ni 6 na 5, yaani mita 11. Ukuta wa nyuma usio wa jiko ni 12 kutoa 4, yaani mita 8.

Hapo pana njia ya kumchunguza fundi. Akileta karatasi yenye pande zote sita, jumlisha 4 na 8 uone kama zinalingana na 12 ya mbele, kisha 5 na 6 uone kama zinalingana na 11 ya kushoto. Zisipolingana, ama kipimo kimoja kimekosewa, ama pembe si za mraba. Jambo hilo hutokea sana kilimani, kwa kuwa watu huilaza kamba ya kupimia juu ya ardhi inayoteremka. Kamba ya mita 12 iliyolazwa mahali panaposhuka mita 2 hufunika mita 11 na sentimita 83 tu za sakafu. Yafaa kamba ivutwe sawia kwa pimamaji, na ncha yake ya juu ishushwe chini kwa timazi.

Sasa tufike kwenye sakafu. Piga mstari mmoja mahali mkono wa jiko unapoungana na sehemu ya mbele. Umbo limekuwa mistatili miwili: wa mbele ni 12 mara 6, yaani mita za mraba 72, wa jiko ni 4 mara 5, yaani 20. Jumla ni 92. Asiyesadiki na apige mstari kwa njia nyingine, kutoka mbele hadi nyuma, ili upande wote wa kushoto uwe mstatili mmoja. Atapata 4 mara 11, yaani 44, na 8 mara 6, yaani 48. Jumla ni 92 vilevile. Njia mbili zikitoa jibu moja, moyo hutulia.

Kosa lililo la kawaida kuliko yote ni hili. Mtu asema, “Sehemu ya mbele ni 12 kwa 6, na mkono wa kushoto ni 4 kwa 11,” akajumlisha 72 na 44, akapata 116. Kila kipimo alichokitaja ni cha kweli, lakini jumla yake si kweli. Pembe ambapo mikono miwili inakutana, 4 kwa 6, imehesabiwa mara mbili, na zile mita 24 zilizozidi ndizo hizo. Kwa sakafu ya zege yenye unene wa sentimita 10, hizo ni kama mita 2.4 za ujazo. Zege la saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne hula mifuko sita na kidogo kwa kila mita ya ujazo. Kwa hiyo mkulima wetu angenunua mifuko 15 ya saruji kwa ajili ya sakafu ambayo haipo, na saruji iliyokaa ghalani wakati wa mvua za Kisii haichelewi kuwa jiwe.

Katika mzingo, yaani urefu wa kuzunguka nyumba yote kwa nje, kosa ni la namna nyingine. Maeneo ya mistatili miwili hujumlishwa. Mizingo yake haijumlishwi. Mstatili wa mbele una mzingo wa mita 36, na wa jiko 18, jumla 54. Lakini mtu akiizunguka nyumba kwa miguu hupita 12, 6, 8, 5, 4 na 11, ambazo ni mita 46. Zile 8 zilizozidi ni ule mstari tuliouchora wenyewe, wenye urefu wa mita 4, uliohesabiwa kwa kila mstatili. Hapo hapana ukuta wa nje, wala hapachimbwi mtaro wa msingi wa nje.

Jambo la kushangaza ni kwamba mita 46 ndizo pia mzingo wa mstatili mzima wa 12 kwa 11. Ukiukata mstatili huo pembeni na kuondoa kipande cha 8 kwa 5, sakafu hupungua kutoka 132 hadi 92, lakini ukuta haupungui hata shubiri moja: pande mbili zilizoondolewa zimerudi zikiwa zimeingia ndani. Hivyo ni kweli kwa umbo la L lenye pembe za mraba. Nyumba iliyoachwa ua katikati ya mikono miwili haifuati kanuni hiyo. Mzingo wake ni mkubwa zaidi ya ule wa mstatili unaoizunguka.

Kwa sababu hiyo nyumba ya L ni ghali kuliko inavyoonekana. Mstatili wa mita 11 na nusu kwa 8 una sakafu ileile ya mita 92, nao wahitaji ukuta wa mita 39 tu. Mwenye uwanja wa kutosha ataokoa mita 7 za msingi na za matofali.

Limebaki swali la kumwuliza mwashi: vipimo vyake ni vya nje au vya ndani? Mita 46 ni za nje, nazo ndizo za msingi. Zege la sakafu likimwagwa ndani ya kuta zenye unene wa sentimita 15, mbele huwa 11.7, kina 5.7, na upana wa jiko 3.7. Zile 5 za mkono wa jiko hazibadiliki, maana ukuta wa nyuma wa sehemu ya mbele umeingia ndani kwa sentimita 15, na ule wa nyuma ya jiko umeingia kwa kiasi hichohicho. Sakafu ya ndani ni 66.69 na 18.5, yaani mita za mraba 85 na kidogo, kabla ya kutoa kuta za kugawia vyumba.