Upogo wa Data na Kizigeu cha Pearson

Takwimu zinapopangwa kuanzia ndogo hadi kubwa, mara nyingi hazijigawi sawasawa pande mbili za katikati, bali thamani nyingi hukusanyika upande mmoja na chache hutawanyika mbali upande wa pili, zikifanya kile ambacho wanatakwimu hukiita mkia. Hali hiyo ya kuegemea upande ndiyo upogo. Mwanatakwimu Mwingereza Karl Pearson alipendekeza kuupima kwa kutazama umbali uliopo kati ya wastani na modi, yaani thamani inayojitokeza mara nyingi zaidi. Hata hivyo, modi hubadilika kulingana na namna data zilivyowekwa katika makundi, na kwa kuwa katika data zenye upogo wa kadiri umbali kati ya wastani na modi hukaribia mara tatu ya umbali kati ya wastani na mediani, ambayo ni thamani ya katikati kabisa, kanuni iliyozoeleka zaidi hutumia mediani:

```
upogo = 3 × (wastani − mediani) ÷ mkengeuko sanifu
```

Mkengeuko sanifu ni kipimo cha kadiri thamani zinavyotawanyika kuuzunguka wastani, na kwa kuwa una kizio kilekile cha data, kugawanya kwa huo hufuta shilingi au kilo, na kubakiza kizigeu, yaani namba tupu inayowezesha kulinganisha data za aina tofauti.

Chukuliwe kwa mfano mauzo ya siku moja ya wachuuzi tisa, kwa maelfu ya shilingi: 8, 9, 10, 10, 12, 13, 15, 20 na 38. Jumla yake ni 135, kwa hiyo wastani ni 15, ilhali mediani, ambayo ni thamani ya tano, ni 12. Miraba ya tofauti za kila thamani na wastani hujumlika kuwa 702, ambayo ikigawanywa kwa 8, yaani idadi ya thamani ukitoa moja, na kutafutiwa kipeuo cha pili, hutoa mkengeuko sanifu wa takriban 9.37. Kizigeu basi ni 3 × 3 ÷ 9.37, yaani takriban 0.96.

Alama ya kizigeu hueleza mkia umeelekea wapi. Hapa ni chanya kwa sababu mchuuzi aliyeuza 38 ameuvuta wastani juu huku mediani ikibaki palepale. Iwapo wachache wangekuwa na mauzo ya chini mno kuliko wenzao, wastani ungeshuka chini ya mediani na alama ingekuwa hasi. Sifuri, kwa upande wake, huthibitisha tu kwamba wastani na mediani ni sawa, wala si kwamba pande mbili zinalingana: thamani 7, 7, 10, 11 na 15 zina wastani 10 na mediani 10, ingawa upande wa juu unafika mbali zaidi kuliko wa chini.

Ukubwa unahitaji uangalifu zaidi. Imethibitishwa kihisabati kwamba wastani na mediani haziwezi kuachana kwa zaidi ya mkengeuko sanifu mmoja, hivyo kizigeu hiki hakivuki −3 wala 3, na kwa kawaida hubaki karibu zaidi na sifuri. Mgawanyo wa kipeo, unaotumika kueleza muda wa kusubiri matukio yanayotokea kwa nasibu na ambao upogo wake ni dhahiri kwa macho, una kizigeu cha 0.92 tu, kwa hiyo 0.96 ya wachuuzi ni upogo mkali. Kipimo cha pili kinachotumia michemraba ya tofauti, ambacho ndicho Excel hukitoa kwa amri ya `SKEW`, huupa mgawanyo huohuo 2 na data za wachuuzi takriban 2.24, hivyo mipaka ya kipimo kimoja haifai kusomea kingine. Anayetaka kizigeu cha mediani huandika:

```
=3*(AVERAGE(A1:A9)-MEDIAN(A1:A9))/STDEV.S(A1:A9)
```

Udhaifu wake mkubwa hujitokeza pale karani anapoongeza sifuri kimakosa na kuandika 380 badala ya 38. Wastani huruka hadi 53 na mkengeuko sanifu hadi takriban 122.7, lakini mediani hubaki 12, na kizigeu husogea kutoka 0.96 hadi 1.00 tu, kwa kuwa thamani iliyopotoka huvuta juu wastani na kigawanyo kwa pamoja. Kizigeu huonyesha basi jinsi wastani ulivyoachana na mediani, wala hakipimi urefu wa mkia. Kosa kama hilo hubainika kwa kuona mkengeuko sanifu umeuzidi wastani wenyewe zaidi ya mara mbili, katika mauzo ambayo hayawezi kushuka chini ya sifuri, na kwa kuikagua thamani kubwa kuliko zote kabla ya kukokotoa chochote.