Wakati Ujao wa Kiingereza katika Mapengo ya Mtihani: Ushahidi wa Kiswahili cha Tuwan

Makala haya yanahusu jambo dogo la sarufi ya Kiingereza ambalo, hata hivyo, linamgusa mwalimu wa Kiswahili moja kwa moja. Mwanafunzi wa Kenya anapopewa sentensi yenye pengo, akaambiwa achague kati ya will, going to na wakati uliopo wa -ing ili ataje jambo la baadaye, mara nyingi hujaza will kila mahali. Walimu wenzetu wa Kiingereza wana maelezo yao, nayo yamerudiwa sana hata yakaonekana kuwa kweli. Husema kwamba Kiswahili kina kiambishi kimoja tu cha wakati ujao, yaani -ta-, na kwa hivyo mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili hana pa kuziweka tofauti hizo tatu. Nakusudia kuonyesha kwamba dai hilo si sahihi. Tofauti zote tatu zimo katika Kiswahili, ila hazimo ndani ya -ta-. Mwanafunzi hukosea kwa sababu amefundishwa kwamba -ta- ni will na will ni -ta-, na akaachwa hapo.

Mifano nitakayoitumia ni ya usemi wa kawaida wa Tuwan, mtaa wa mji wa Kitale katika Kaunti ya Trans-Nzoia. Wasemaji wa Lubukusu, Kisabaot, Kiturkana, Kikuyu na lugha nyinginezo wanaishi humo bega kwa bega, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni, kisimani na katika matatu ziendazo Bungoma kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye. Najua wapo wasomaji watakaosema kwamba hicho si Kiswahili cha kupigiwa mfano. Kwa suala letu, hilo si kitu. Mbinu nitakazozitaja zinafahamika pwani pia, na mwanafunzi wa Kitale huingia darasani na Kiswahili hicho hicho kichwani, si kingine.

Uzito wa jambo lenyewe unatokana na mtihani. Katika KCPE, iliyofanywa tangu 1985 hadi 2023, karatasi ya Kiingereza ilikuwa na vifungu vyenye mapengo ambapo mtahiniwa alichagua jibu moja kati ya manne. Katika KCSE, karatasi ya kwanza ya Kiingereza ina kifungu chenye mapengo kumi kwa alama kumi. Pengo halimpi mtahiniwa nafasi ya kujieleza. Ama ameandika neno lililotakiwa, ama hakuliandika. Hebu basi tuyatazame mapengo manne, niliyoyatunga kwa mfano wa yale yatolewayo madarasani:

(1) Look at those clouds over Mount Elgon. It ____ (rain).
(2) I have already booked my seat. I ____ (travel) to Bungoma on Friday.
(3) "This bag is too heavy for me." "Wait, I ____ (carry) it for you."
(4) My sister ____ (study) nursing.

Tuanze na la kwanza. Mzungumzaji anayaona mawingu juu ya Mlima Elgon, na alama ya mvua iko mbele ya macho yake. Kiingereza hapo hudai going to. Msemaji wa Tuwan naye, akisimama mlangoni na kuyaona mawingu hayo hayo, hasemi "mvua itanyesha." Husema "mvua inataka kunyesha," akakimbilia nguo kambani. Vivyo hivyo mti ulioinama "unataka kuanguka," na taa inayofifia "inataka kuzimika." Mvua, mti na taa havina utashi. Kitenzi -taka katika matumizi haya kimepoteza maana ya kupenda kupata kitu, kimebaki na maana ya jambo ambalo dalili zake zimekwisha onekana. Sentensi "nadhani mvua itanyesha mwezi ujao" ni ya namna nyingine kabisa. Hapo hapana wingu, pana rai ya mtu tu, na Kiingereza huipokea rai hiyo kwa will. Kwa hiyo, utabiri una milango miwili katika lugha zote mbili: mmoja wa ushahidi unaoonekana, mwingine wa maoni.

Hapa panafaa neno la kando kuhusu asili. Kiambishi -ta- chenyewe huunganishwa na kitenzi hicho hicho -taka, na umbo refu limehifadhiwa mpaka leo katika virejeshi kama "atakayekuja" na "yatakayotokea." Will nayo ilitokana na kitenzi cha Kiingereza cha kale, willan, chenye maana ya kutaka. Lugha mbili zisizo na nasaba zilipita njia moja. Tena Kiswahili, baada ya -taka ya kwanza kuchakaa na kuwa -ta-, kimemrudia mzazi yule yule na kumpa kazi ya pili. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili ng'ambo nilizoea kusikia kwamba lugha zetu "hazina" hiki au kile. Mara nyingi mwenye kusema hivyo alikuwa ametazama orodha ya viambishi na kuishia hapo.

Pengo la pili lina ushahidi wa aina nyingine: kiti kimekwisha lipiwa na siku imetajwa. Huu ni mpango uliofungwa pamoja na watu wengine, nao katika Kiingereza huchukua -ing. Kiswahili hufanya hivyo hivyo kwa kuazima -na- ya wakati uliopo: "Ijumaa nasafiri kwenda Bungoma." Msemaji akisema "Ijumaa nitasafiri," hakukosea, lakini hajatuambia kama safari imepangwa au la. Kizuizi cha matumizi haya nacho ni kimoja kwa lugha zote mbili. Jambo lisilopangwa na mtu halikai humo. "Kesho mvua inanyesha" humshangaza msikilizaji wa Tuwan kama vile sentensi ya Kiingereza ya namna hiyo inavyomshangaza Mwingereza, kwa kuwa hakuna aliyefanya miadi na mvua. Ni vema niongeze kwamba mtahiniwa aliyejaza going to katika pengo hili hajavunja sarufi, kwa sababu aliyelipia kiti bila shaka amekusudia kusafiri. Msahihishaji akilikata jibu hilo amezidisha ukali.

La tatu ni uamuzi wa papo hapo. Kabla ya kusikia mwenzake akilalamikia uzito, msemaji hakuwa na mpango wowote. Kiingereza husema will, na mwalimu mwenye haraka hutafsiri "nitakubebea." Lakini sikiliza majirani wawili njiani. Mmoja akisema mzigo umemlemea, mwenzake hujibu, "Lete, mama, wacha nikubebee." Kwingine husemwa "ngoja nikubebee" au "hebu nikubebee." Kitenzi kina kiishio -e, kikitanguliwa na wacha, ngoja au hebu, na muundo huo hautumiki kwa jambo lililoamuliwa jana. Aliyeamua jana husema "nimekusudia kumbebea" au "nimeamua kumbebea," na -me- hiyo hutangaza kwamba uamuzi umetangulia usemi. Hii ndiyo nia ya going to. Kwa maoni yangu, tofauti ya "wacha nibebe" na "nimeamua kubeba" ndiyo njia fupi kuliko zote ya kumwonyesha mwanafunzi mpaka kati ya will na going to, kwani ameutumia tangu utotoni bila kufundishwa.

Njia hii ina mipaka, na mwalimu asiyeijua atapotosha watoto. Mpaka wa kwanza ni nafsi yenye utashi. "Mvua inataka kunyesha" haina utata, lakini "kaka yangu anataka kuoa" inao. Yaweza kuwa ana hamu tu, wala hana mchumba. Kwa hiyo, kipimo cha -taka kitumike kwa vitu visivyo na hiari, au kwa tukio ambalo mtu halitaki, kama "mtoto anataka kuanguka." Kwa nia za watu kitumike kipimo cha -mekusudia.

Mpaka wa pili ni ukanushi, na ndio unaovutia zaidi. Mtu angetazamia kwamba "haitaki kunyesha" iwe kinyume cha "inataka kunyesha." Sivyo. "Mvua haitaki kunyesha" ni maneno ya mkulima aliyekwisha panda mahindi akangoja mvua bila kuiona. Maana yake ni kwamba mvua imekataa. Vilevile "mlango hautaki kufunguka" ni lawama juu ya mlango mkaidi. Kiingereza hueleza ukaidi huo kwa will iliyokanushwa: The door won't open. Hivyo -taka, ambayo katika uyakinishi ilitupeleka kwenye going to, katika ukanushi inatupeleka kwenye will, na utashi wa kale wa vitenzi vyote viwili unajitokeza tena. Mwanafunzi asiyeambiwa hivyo atageuza kila kitu kwa alama ya ukanushi tu na kukosa.

Lipo jambo la tatu, ambalo nalitaja kwa ufupi kwa kuwa linaendelea kubadilika. Katika hotuba na matangazo nchini Kenya yasikika sana "serikali inaenda kujenga barabara" au "tunaenda kushinda," pasipo mwendo wowote wa miguu. Muundo huo unafanana mno na going to, lakini wasemaji huutumia hata kwa ahadi na utabiri usio na dalili. Nisingeutumia kuwa kipimo darasani kwa sasa.

Limebaki pengo la nne. Dada yangu, uuguzi, basi. Mtahiniwa akisema moyoni "amekusudia kusomea uuguzi," jibu ni going to. Akisema "mwezi wa tisa anasomea uuguzi, barua ya chuo imekuja," jibu ni -ing. Akisema "nadhani atasomea uuguzi," jibu ni will. Hata wakati uliopo wenyewe hauzuiwi, kwani yawezekana dada yuko chuoni sasa hivi. Hakuna neno katika sentensi linalomwezesha mtahiniwa kuchagua. Anayeikosa alama hapa hakuponzwa na Kiswahili wala na Kiingereza. Mtunzi ameondoa kitenzi pamoja na ushahidi wake. Sentensi za namna hii si chache, na katika hizo mwanafunzi aliyezoea kujaza will hufuata busara ya mkata tamaa: huandika neno lile ambalo halikataliwi mara nyingi.

Ubovu huu hugunduliwa kwa urahisi kabla karatasi haijachapwa. Mtunzi aiandike sentensi yake kwa Kiswahili bila kutumia -ta-, kwa njia nilizozitaja: -nataka ku- kwa dalili, -na- pamoja na siku kwa mpango, -mekusudia kwa nia, wacha na kiishio -e kwa uamuzi wa ghafla. Njia moja ikikubali na nyingine zikakataa, pengo ni zima. Zote zikikataa na -ta- peke yake ikafaa, ni rai au ahadi, na will ndilo jibu. Zikikubali mbili au tatu, aongeze ushahidi. Katika pengo la nne yatosha kutanguliza She has her admission letter and the course starts on Monday, na -ing itakuwa jibu la kwanza. Asipotaka kuongeza, basi mwongozo wa kusahihisha uyapokee majibu yote.

Kwa wasemaji wa Lubukusu liko swali jingine, ambalo linahitaji uchunguzi wake. Lugha za Kiluhya hupambanua wakati ujao wa karibu na ule wa mbali kwa maumbo ya kitenzi, jambo ambalo Kiswahili na Kiingereza havifanyi. Mtoto wa Bungoma afikaye shuleni na Lubukusu kwanza huenda akadhani going to ni ya kesho na will ni ya mwakani. Mwalimu akiona will imejazwa penye mwaka na going to penye kesho, bila kujali mawingu wala tikiti, na atazame huko kabla ya kukilaumu Kiswahili.