Grafu ya Mvua ya Dodoma Isiwadanganye Wanafunzi

Mwalimu anayeandaa somo la grafu za mvua achague Dodoma na Dar es Salaam. Kwanza wanafunzi wasome kipimo cha milimita pembeni, kisha wafuate ncha ya kila pau hadi kwenye kipimo hicho. Wengi hutaja urefu wa pau kwa macho tu, na hapo ndipo majibu hupotoka.

Dar es Salaam haisumbui: pau hupanda Machi hadi Mei, masika, zikashuka, kisha zikapanda tena kidogo wakati wa vuli.

Dodoma ndiyo yenye mtego. Kwa kuwa grafu huanza Januari, pau ndefu hukaa pande zote mbili, na katikati, Juni hadi Septemba, karibu hakuna kitu. Mwanafunzi ataandika "misimu miwili ya mvua". Ni mmoja, unaoanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili. Wape mkasi: wakate grafu kati ya Juni na Julai, wahamishie Julai–Desemba kushoto. Pau zitaungana, nao waeleze upya: msimu unaanza lini, unafikia kilele lini, unakatika lini.